Jimu ya wazi Shangani: nguzo zinakatika zote usawa wa zege, tatizo ni nini hasa?

#1 Pwani_Mwanana
Wakuu, salaam. Hapa Mtwara, upande wa Shangani, kuna vyuma vya mazoezi vilivyowekwa na kikundi cha vijana kama miaka minne iliyopita. Nguzo sita, vyuma vitatu vya kujivuta na viwili sambamba vya kujisukuma juu. Leo nguzo nne zimekatika, na zote zimekatika mahali pamoja: pale bomba linapoingia kwenye zege, au kidole kimoja juu yake. Huko juu bomba bado zima, rangi ipo, ukigonga linalia vizuri.

Kikundi kimesambaa na nimekubaliana nao nichukue eneo. Nataka kuvifufua, nifundishe makundi ya watu wazima alfajiri na watoto jioni kwa ada ndogo. Ila sitaki kuzika hela kwenye vyuma ambavyo vitadondoka tena. Kila fundi ninayemuuliza ananijibu "chumvi ya bahari". Kama ni chumvi, mbona haikula juu?

#2 Mkereketwa
Ni chumvi tu mkuu, usizunguke. Piga msasa, paka praima nyekundu, juu yake rangi ya mafuta mikono miwili, rudia kila mwaka. Gharama ndogo, kazi imeisha.

#3 FundiBomba
Mkereketwa, umepatia nusu. Chumvi ipo, lakini swali la mwenye uzi ni kwa nini pale na si kwingine, na rangi ya juu hailijibu.

Chuma kilichozama kwenye zege zuri hakishiki kutu kirahisi, saruji yenyewe inakilinda. Chuma kilicho hewani kinalindwa na rangi, na kikilowa kinakauka. Shida ni mstari unaotenganisha hivyo viwili. Zege likishakauka linaachia mwanya mwembamba kuzunguka bomba, hata unene wa karatasi unatosha. Maji ya mvua na unyevu wa usiku vinatiririka kwenye bomba vikibeba chumvi yote ya juu, vinaishia kwenye huo mwanya na havitoki. Juu panakauka saa tatu asubuhi, pale chini panabaki pabichi hadi jioni. Kama zege liko chini ya usawa wa mchanga ndiyo kabisa, mchanga mbichi unalalia bomba mwaka mzima.

Kabla sijasema zaidi nijibu haya: kutu imeanzia nje au ndani ya bomba? Zege limeinuka juu ya ardhi au limefukiwa? Na mchanga wa zege ulitoka wapi?

#4 Kocha_Mitaa
Asante kwa uzi. Hata mimi naomba ushauri hapohapo, magoli ya watoto wangu wa chini ya miaka 12 yanalegea sana. Ni yale ya kuhamisha, bomba jepesi, futi 16 kwa 7. Nikichimbia chini kidogo na zege yatakaa?

#5 Mwana_Newala
Jamani tusitishane. Huku Newala kuna vyuma vya kujivuta vya bomba jeusi la kawaida, hata halina zinki, vina miaka mingi na watu wananing'inia kila siku. Tatizo lenu ni bomba feki. Siku hizi ukinunua inchi moja na nusu dukani unapewa kitu chembamba kama kopo.

#6 FundiBomba
Mwana_Newala, Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, mbali na maji ya chumvi. Huwezi kuichukulia kipimo cha Shangani. Bomba jeusi ambalo kwenu linadumu, hapa ukiliacha bila rangi linaanza wekundu mapema mno.

Ila la unene nakuunga mkono. Mwenye uzi, chukua kalipa upime. Bomba halisi la maji la GI, yaani lililopakwa zinki, la inchi moja na nusu, kwa nje lina milimita 48. Hiyo "inchi moja na nusu" ni jina tu. Ukipima nje ukakuta milimita 38, hilo ni bomba la samani, la vitanda na viti, ambalo hupimwa kwa nje. Ukuta wake mara nyingi ni milimita moja na nusu hivi, wakati bomba la maji la daraja la kati ukuta wake unapita milimita 3. Mabomba ya maji yaliyofuata viwango vya zamani vya Waingereza yana mkanda wa rangi mwishoni: kahawia ni jepesi, bluu la kati, jekundu zito. Ukikuta bomba halina mkanda wowote, iamini kalipa yako.

Kocha, magoli tutarudi, usichimbie kwanza.

#7 Pwani_Mwanana
Nimepima. Nje milimita 38, ukuta kwenye kipande kizima milimita 1.6. Na ule mng'ao wa fedha ni rangi, nimeukwangua kwa kisu ukatoka, chini ni chuma cheusi. Kwa hiyo tuliambiwa GI na haikuwa GI.

Zege limefukiwa, juu yake kuna mchanga kama vidole vinne. Mchanga wa zege sijui ulitoka wapi, ila kokoto ni za matumbawe, nyeupe, zinaonekana.

Kinachonichanganya: nguzo mbili zilizobaki ni bomba hilohilo, siku hiyohiyo, zege hilohilo. Hizo ni za upande wa vile vyuma sambamba vifupi.

#8 Mwana_Newala
Nilisema.

#9 Karai_na_Koleo
Kokoto za matumbawe na mchanga wa ufukweni, hapo ndipo penye kesi. Mtu akijenga karibu na bahari anaona mchanga bure, anachota. Ule mchanga una chumvi ndani, na zege likishatiwa chumvi halilindi tena chuma, linakila. Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma zege linapasuka kutokea ndani. Matumbawe nayo yana vitundu, yanafyonza maji.

Namna ya kujua: vunja zege la nguzo moja iliyokatika. Ukikuta bomba limeshika kutu urefu wote ndani ya zege na zege lina nyufa za kwenda juu, mchanga ndio mkosaji. Ukikuta ndani ya zege bomba ni safi, la rangi ya kijivu, na limeliwa pale juu tu, basi FundiBomba yuko sahihi. Usijenge chochote kabla ya kuvunja.

Na mchanga wa kazi hii uwe wa mtoni au wa shimo la bara. Kama huna pa kupata ila ule, uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa, maji yamwagwe kila mara, si kuchovya tu.

#10 Kifua_Mbele
Mnaongelea kemia tu, wakati hicho chuma kina kazi. Angalieni nguzo zilizobaki ni zipi: zile fupi. Nguzo ndefu ya kujivuta, mtu anapopiga bembea au kujirusha juu kifua kivuke chuma, anaivuta mbele na nyuma kutokea zaidi ya mita 2 juu. Nguvu zote za kupinda zinaishia pale bomba linapotoka kwenye zege, hakuna pengine. Nguzo fupi ya mita 1.2 inabeba uzito karibu wa kwenda chini moja kwa moja. Bomba la milimita 1.6 likishapungua nusu kwa kutu, wakabembea vijana watatu kwa pamoja, ndipo linakatika. Ukuta mwembamba na urefu ndivyo vilivyoua, kutu imemalizia tu.

Mkuu, zile zilizokatika, mkato ukoje? Umenyooka kuzunguka au umepinda upande mmoja kama kopo lililokanyagwa?

#11 Pwani_Mwanana
Mbili zimepinda kwanza upande wa bahari ndipo zikachanika. Nyingine mbili zimekatika mkato wa mviringo, kingo nyembamba kama karatasi.

#12 Baharia_Mikindani
Shikamooni wakubwa. Kwenye boti tunafunga kipande cha zinki kwenye chuma, kutu inakula zinki na kuacha chuma. Fungeni kwenye kila nguzo, tatizo limekwisha.

#13 FundiBomba
Marahaba. Kwenye boti ni sawa kwa sababu chuma na zinki vyote vimezama kwenye maji ya chumvi, maji ndiyo yanayoviunganisha. Hewani kile kipande kitalinda pale kilipogusa na sentimita chache pembeni, basi. Ndiyo maana zinki ya bomba la GI imepakwa uso mzima. Wazo ni zuri, mahali ndipo si pake.

#14 Dada_Chuno
Mimi nina la pembeni kidogo. Mwenye uzi anasema ada. Eneo la wazi halina mlango, huwezi kumtoza mtu kwa kushika chuma, na ukijaribu utagombana na mtaa mzima. Kinachouzwa ni mwalimu na saa. Kundi la watu 10 hadi 12, saa 12 asubuhi, siku tatu kwa wiki, malipo kwa wiki. Usidai kwa mwezi. Muuza samaki na dereva wa bodaboda wanashika hela ya kila siku, elfu kumi ya mwezi inawashinda lakini elfu mbili na mia tano ya wiki inatoka.

Na vyuma viwe vya urefu tofauti. Chuma cha mita 2.3 peke yake kinafukuza wanawake na wanaoanza, wengi hawawezi kujivuta hata mara moja. Weka kimoja cha mita 1.2: mtu analala chini yake, visigino ardhini, anavuta kifua kwenye chuma. Hapo kila mtu ana kazi ya kufanya toka siku ya kwanza. Tena nguzo fupi, kama alivyosema Kifua_Mbele, haisumbui.

#15 Kifua_Mbele
Nakubaliana na dada. Nyongeza: chuma cha kushika kisiwe kinene. Bomba la maji la inchi moja lina karibu milimita 34 nje, linatosha kiganja. Ukiweka la inchi moja na robo, milimita 42, mwenye mkono mdogo vidole havifungi na anadondoka kabla misuli haijachoka.

#16 Mzee_wa_Mtanda
Salaam kutoka Lindi. Hakuna aliyeuliza: hizo nguzo ziko hatua ngapi kutoka maji yanapofika bamvua? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zege ni la kudumu. Ukimwaga la pili hapohapo, ofisa akija akakuambia ng'oa, umepoteza saruji na bomba. Pitia serikali ya mtaa, kisha Manispaa ya Mtwara-Mikindani kwa ofisa mazingira na ofisa michezo, upate karatasi kabla ya kununua hata msumari.

#17 Pwani_Mwanana
Ahsante mzee, hilo halikuwa kichwani kabisa. Nimepima kwa kamba, ni mita 45 hivi. Kuna kiwanja cha wazi cha mtaa nyuma yake, kama mita 90 kutoka maji, mwenyekiti hana kinyongo. Nitafuata karatasi.

Sasa matokeo ya kuvunja zege. Nimevunja mashimo mawili.

La kwanza, lililokatika mviringo: zege lilikuwa na kina cha sentimita 30 tu. Bomba ndani ya zege ni safi kwa sehemu kubwa, kijivu kama alivyosema Karai. Limeliwa juu, urefu wa vidole vitatu. Lakini ndani ya bomba kulikuwa na maji na matope mekundu hadi juu, na ukuta umeliwa kutokea ndani kuliko nje.

La pili, lililopinda: zege limepasuka mara mbili kwenda juu, bomba lina kutu urefu wote, linatoka maganda.

#18 Karai_na_Koleo
La pili ni mchanga wa chumvi, sina shaka. Pengine walichanganya karai mbili tofauti, mchanga wa kwanza ukaisha wakaenda kuchota ufukweni.

#19 Kifua_Mbele
Au zege lilipasuka kwa kuyumbishwa, nguzo imeshika sentimita 30 tu na juu kuna mita 2.3. Nyufa zikaruhusu maji, kutu ikafuata. Kipi kilitangulia huwezi kusema kwa kuangalia.

#20 Karai_na_Koleo
Zege la kina hicho kwenye mchanga halipasuki kwa kuyumbishwa, linang'oka lote kama jino. Ukiona limepasuka likiwa mahali pake, kitu kimelisukuma kutoka ndani.

#21 Kifua_Mbele
Inategemea lilikuwa na saruji kiasi gani. Zege bovu linapasuka hata kwa kuangushiwa nyundo.

#22 FundiBomba
Nyie malizaneni, mimi nina hamu na shimo la kwanza, hilo linafundisha zaidi. Maji yalikuwa ndani ya bomba. Yaliingiaje? Mwenye uzi, mabomba juu yalizibwa?

#23 Pwani_Mwanana
Hapana. Yamekatwa wazi, chuma cha kushika kimechomelewa ubavuni, sentimita kadhaa chini ya ncha.

#24 FundiBomba
Basi mvua yote ya Desemba hadi Aprili iliingia humo. Chini limezibwa na zege, juu liko wazi, hiyo ni ndoo. Rangi ya nje ingepakwa hata kila mwezi isingesaidia. Mkereketwa, ndiyo sababu nilikukatalia.

Kila bomba lizibwe juu: kofia ya nyuzi, au kipande cha bati nene kilichochomelewa mzunguko mzima bila kuacha tundu la sindano. Na chini nguzo isimame juu ya kokoto, mdomo wazi, zege limwagwe pembeni yake. Unyevu unaozaliwa ndani ushukie kwenye kokoto uondoke mchangani.

#25 Karai_na_Koleo
Hapo chini mimi naona tofauti. Ukiacha mdomo wazi mchangani karibu na bahari, unyevu unapanda humo ndani pamoja na chumvi yake. Ziba chini na juu, liwe chupa iliyofungwa. Ndani ya chupa hewa ikiisha kazi yake, kutu inasimama.

#26 FundiBomba
Likiwa limezibwa kweli, sawa. Lakini fundi gani wa mtaani anachomelea mzunguko usiovuja hata tundu moja? Likivuja kidogo tu linavuta unyevu usiku linapopoa, na hautoki tena.

#27 Mkereketwa
Toboeni katundu ka milimita 6 juu kidogo ya zege, maji yatoke. Rahisi.

#28 Kifua_Mbele
Utatoboa palepale bomba linapopindwa zaidi? Hako katundu ndipo ufa utakapoanzia. Usifanye hivyo.

#29 Kocha_Mitaa
Wakuu, magoli yangu.

#30 FundiBomba
Kocha samahani. Goli la kuhamisha linaua mtoto kwa kuanguka mbele, pale anaponing'inia kwenye mtambaa wa juu au kuvuta nyavu. Usilichimbie, utashindwa kulitoa siku ya mkutano wa hadhara. Hakikisha lina bomba la nyuma linalolala chini, na hilo ndilo ulibane: vigingi vya nondo ya milimita 12 urefu wa sentimita 60 vilivyopinda kichwa, viwili nyuma na kimoja kila ubavu, au viroba vya mchanga vya kilo 25, viwili kila kona ya nyuma. Kwenye mchanga mlaini wa huku kigingi kinachomoka, viroba ni bora. Kabla ya mazoezi livute mtambaa kwa mikono miwili kwa nguvu, likiinua mguu wa nyuma ongeza kiroba. Baada ya mazoezi lilazwe kifudifudi.

Na kulegea kwake angalia maungio ya kona, mara nyingi tundu la bolti limepanuka. Bolti nene zaidi haisaidii sana, weka kipande cha bomba kinachoingia ndani ya kona.

#31 Pwani_Mwanana
Sasa niandikieni kama kwa fundi. Nataka nguzo nne kwenye mstari, vyuma vitatu vya urefu tofauti. Ninunue nini?

#32 FundiBomba
Nguzo ziwe bomba la maji la inchi 2, GI daraja la kati, mkanda wa bluu. Nje ni milimita 60, ukuta 3.6. Bomba ni mita 6, lipasue katikati, unapata nguzo mbili za mita 3 bila kupoteza kipande. Mabomba mawili, nguzo nne. Wengi wanataka nguzo ya mita 3.2 wanapoteza karibu nusu ya kila bomba kwa ajili ya sentimita 20 zisizo na kazi.

Shimo sentimita 40 kwa 40, kina 80. Chini kokoto ngumu sentimita 10, nguzo isimame juu yake. Inabaki sentimita 70 ardhini na mita 2.3 juu. Zege lijae shimo na lipande sentimita 5 juu ya ardhi, likiwa na mgongo kama kichuguu ili maji yakimbie bomba. Uwiano ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kwa shimo hilo ni kama robo tatu ya mfuko, kwa hiyo mifuko mitatu kwa mashimo manne. Maji machache, zege lisimame kwenye koleo. Likishamwagwa lifunike kwa magunia na ulimwagie maji siku saba, na asiguse mtu kwa wiki tatu. Hapa ndipo vijana wanaharibu, kesho yake tu wameshaning'inia.

Vyuma vya kushika, bomba la maji la inchi 1, umbali kati ya nguzo na nguzo usizidi mita 1.2. Bomba moja la mita 6 linatoa vipande vitatu na kinabaki cha karibu mita 2. Usichomelee ubavuni. Toboa nguzo, pitisha chuma ndani yake, ndipo uchomelee mzunguko. Hata mchomeleo ukipasuka mtu hadondoki.

Kabla ya kuchomelea, zinki iondolewe kwa grenda sentimita 2 au 3 kila upande wa kiungo. Ukichomelea juu ya zinki kiungo kinakuwa na vitundu, na ule moshi mweupe unampa fundi homa na baridi usiku. Maziwa hayatibu, asimame upande upepo unakotoka. Ukimaliza, pale palipoungua paka rangi yenye unga wa zinki kwanza, siyo ya mafuta moja kwa moja. GI isiyorudishiwa zinki kwenye kiungo, kutu inaanzia hapo.

Mwisho, ule mstari. Kabla ya kusimamisha nguzo paka lami ya maji kuanzia sentimita 20 chini ya usawa wa zege hadi 15 juu yake, mikono miwili, ikauke. Zege likishakomaa, jaza mwanya kuzunguka bomba kwa lami hiyohiyo au silikoni. Silikoni inabanduka, ikague kila mwaka.

#33 Karai_na_Koleo
Lami sawa, ila inapunguza zege kushika bomba. Chomelea vipande viwili vya nondo kama msalaba kwenye bomba, sentimita 15 kutoka chini, ili lisizunguke wala kuchomoka.

#34 Mwana_Newala
Kwa nini msitumie miti? Nguzo za mikoko haziliwi na kutu wala mchwa, na chuma kinabaki cha kushika tu.

#35 Mzee_wa_Mtanda
Mikoko kijana wangu huikati hivihivi, inahitaji kibali cha wakala wa misitu, TFS, na ukikutwa nayo bila karatasi hakuna atakayesikiliza habari za mazoezi. Mti wa mtiki uliokomaa unaweza kufaa, ila pale kwenye usawa wa ardhi nao huoza. Tatizo ni lilelile, limebadilisha jina.

#36 Baharia_Mikindani
Na kuosha? Injini ya boti tunaisuuza kwa maji baridi kila tukirudi.

#37 FundiBomba
Sasa umegonga penyewe. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni haba, chumvi inajilundika. Na hata mvua ikinyesha, tumbo la chuma cha kushika na sehemu zilizofichwa chini ya viungo hazioshwi. Pitisha kidole chini ya chuma kisha ulambe, utaionja. Ndoo moja ya maji baridi na kitambaa, kila wiki, chuma cha kushika na futi ya chini ya kila nguzo. Baada ya hapo mchanga usogezwe usilale kwenye zege. Kupaka rangi fanyeni Oktoba, chuma kikiwa kikavu.

#38 Dada_Chuno
Oktoba ndiyo minada ya korosho inaanza, na watu wengi wako mashambani. Makundi yanapungua, kwa hiyo ni wiki nzuri ya kufunga na kupaka rangi bila kukosa mapato. Tenga fungu la matengenezo kwenye ada ya kila wiki, liwe kwenye simu ya mtu wa pili, siyo yako.

#39 Pwani_Mwanana
Nashukuruni sana. Moja bado: kwa sababu ya ile karatasi ya manispaa, kuna mtu kaniambia nizike vipande vya bomba kubwa kwenye zege, nguzo ziwe za kuchomeka na kuchomoa. Wezi wa vyuma chakavu pia watakosa.

#40 Karai_na_Koleo
Inawezekana. Bomba la inchi mbili na nusu la daraja la kati lina uwazi wa karibu milimita 69, na nguzo yako ni 60. Itachezacheza milimita 9, lazima uweke kabari au bolti mbili za kubana. Wakati nguzo haipo weka kifuniko, la sivyo linajaa mchanga na watoto wanavunjika vifundo vya miguu.

#41 FundiBomba
Mimi siishauri kwa nguzo ya mita 2.3. Ule mwanya wa karatasi niliousema mwanzo, hapo unautengeneza mwenyewe kwa unene wa kidole, na mchanga mbichi ndani yake. Kwa vyuma sambamba vifupi, sawa.

#42 Karai_na_Koleo
Ukichomoa kila Jumapili ukasuuza na kupaka grisi, kwa nini kutu ishike? Nguzo inayochomoka ndiyo pekee unayoweza kuikagua chini. Yako ya zege utajua imeliwa siku inapokatika.

#43 FundiBomba
Utajua kwa nyundo ndogo. Gonga kuanzia juu ukishuka, sauti ikibadilika kutoka kulia kuwa butu karibu na zege, ukuta umepungua. Na nani atachomoa nguzo nne za kilo 15 kila Jumapili?

#44 Kifua_Mbele
Mkuu Pwani_Mwanana, zile nguzo mbili fupi zilizobaki bado zinatumika? Gonga leo, kabla ya kundi la kesho asubuhi.

#45 Pwani_Mwanana
Nimegonga. Moja inalia, moja butu. Nimeifunga kamba nyekundu na kuwaambia watoto wasiikaribie, kesho naikata.